Mshahara wa Dubai dhidi ya wa Kampala

Jamani, tusizidishe dirhamu kwa kiwango cha benki tukaishia hapo. Chukueni mfano huu, bei zote ni za kukadiria.

Kampala wanakupa milioni 3 kwa mwezi. Ondoa PAYE 802,000 na NSSF 150,000 (ile 5% yako), mkononi zinabaki 2,048,000. Chumba na sebule Kireka, chakula, teksi na simu ni kama milioni 1.15. Unabakiwa na takriban 900,000, na mwajiri anakuongezea NSSF 300,000.

Dubai wanakupa dirhamu 4,000, bila kodi ya mapato. Tukihesabu dirhamu moja kwa shilingi 1,000, ni milioni 4. Inapendeza! Lakini chumba chako peke yako ni kama 2,000, na chakula, usafiri na simu 1,300. Zinabaki 700, yaani 700,000. Umeshindwa na Kireka.

Ukikubali kitanda kwenye chumba cha watu sita kwa 900, zinabaki 1,800. Hapo unashinda, ila umelipia kwa faragha yako.

Wengine hupima mshahara wote wa Dubai kwa uwezo wake wa kununua vitu kule. Nalo ni kosa: bei za Dubai zinahusu unachotumia kule tu. Unachotuma nyumbani kinanunua kwa bei za soko la Owino, Kampala, kwa hiyo hicho kipimeni kwa kiwango cha kubadilisha, baada ya ada ya kutuma. Na kama familia inabaki Kireka, kodi yake ya nyumba itoeni pia.