Wiki sabini zisizo na mwenyewe

Juzi jioni binti yangu alikuwa anafungua akaunti ya kufanyia marudio ya hesabu kwenye simu yangu. Akanigeuzia kioo. "Mama, nibonyeze hiki cha juu? Hakitaki nywila, kinaingia moja kwa moja." Ni kile kitufe kilichoandikwa Continue with, kisha jina la mtandao wa kijamii. Nilimnyang'anya simu kwa ukali ambao hakuustahili, hadi akaniuliza amekosa nini. Sikumjibu vizuri usiku ule. Najaribu kumjibu hapa.

Mwaka 2022 nilikuwa bado mweka hazina wa chama chetu cha Free Area, Nakuru. Tulikuwa wanawake 16, kila mmoja akitoa shilingi 500 kila Jumapili, na mgao ukiwa Desemba. Mwaka ule hatukukopeshana hata senti, na pesa za faini zilikuwa zinaishia kwenye chai na mandazi papo hapo. Kwa hiyo hesabu ilikuwa nyepesi: nani ametoa, nani hajatoa. Hesabu hiyo niliiweka kwenye programu ya simu ambayo mwenzangu wa sokoni alinionyesha. Nilipoifungua mara ya kwanza nilibonyeza kitufe kama kile cha binti yangu, nikakubali, nikawa ndani. Programu ilinipa nafasi ya kuongeza msimamizi wa pili. Nilipanga kumweka katibu wetu, nikasema nitafanya kesho. Kesho hiyo haikufika.

Uchaguzi wa Agosti ukapita. Nani asiyekumbuka yaliyokuwa yanaandikwa mitandaoni miezi ile? Watu niliokula nao Krismasi walikuwa wananitukania ukoo wa mume wangu mbele ya kila mtu. Jumapili ya tarehe 4 Septemba, usiku, niliufuta ukurasa wangu wa tangu 2012 kwenye mtandao uleule wa kitufe. Mtandao uliniuliza kama nataka kuuzima kwa muda au kuufuta kabisa. Nikachagua kabisa. Ukaniambia nina siku 30 za kubadili nia. Sikuwa na nia ya kubadili. Nililala vizuri kuliko nilivyokuwa nimelala kwa wiki kadhaa.

Asubuhi yake nilifungua programu ya chama, ikafunguka. Jumapili iliyofuata vilevile. Nikaingiza michango Septemba yote, Oktoba yote, na wiki tatu za Novemba, wala hakuna kilichobadilika. Hapo ndipo nilipodanganyika. Programu ikishakuingiza mara moja huweka kibali chake ndani ya simu, na kibali hicho kinaweza kuendelea kukufungulia kwa miezi bila kwenda kuuliza mtandao kama bado upo. Kwa hiyo tarehe 4 Oktoba, siku 30 zilipokwisha, mlango ulikuwa umefungwa nyuma yangu nami nimo ndani, sijui.

Jumamosi ya tarehe 26 Novemba simu ilinichomoka kwenye matatu ya kutoka mjini, tairi likaipanda. Laini nikairudisha siku hiyohiyo, nikanunua simu nyingine, nikapakua programu. Nikabonyeza kitufe. Mtandao ukasema haunijui. Sikushtuka sana. Nikafungua ukurasa mpya kwa namba ileile ya simu, jina lilelile, hata picha ileile ya leso ya kijani, nikabonyeza tena. Safari hii ikafunguka.

Ukurasa ulikuwa mweupe. Katikati palikuwa na mchoro wa mfuko mtupu na maneno ya kunikaribisha nianzishe kikundi changu cha kwanza. Wanachama 0. Michango 0. Nilitoka nikaingia tena mara nyingi sana. Nikajaribu kitufe cha nywila iliyosahaulika, kikaniomba barua pepe, nikaweka yangu, nikaambiwa barua pepe hiyo haitambuliki.

Jumatatu nilimpelekea kijana anayetengeneza simu karibu na Barabara ya Kenyatta. Hakunicheka. Alichukua risiti, akaigeuza, akachora mistari mitatu: `id`, `name`, `email`.

"Ulipobonyeza kile kitufe, mama, ni kama umeingia ofisini bila kitambulisho, ukasema niulizieni kwa chifu. Ofisi ikampigia chifu, chifu akasema ndiyo, namjua, ni mtu namba fulani. Ofisi ikaandika ile namba kwenye faili lako. Jina na picha ni mapambo. Wanachokutambua kwacho ni `id`."

Nikamwambia basi chifu aulizwe tena, mimi ni yuleyule.

"Ukurasa ulioufuta umeondoka na namba yake. Huu mpya umepewa namba nyingine. Kwao wewe ni mtu mwingine mwenye jina linalofanana na la yule. Na mitandao mingine huipa kila programu namba yake tofauti ya mtu huyohuyo, kwa hiyo hata ukiwa na namba uliyoiona mahali pengine haitakusaidia hapa."

Kisha akaniuliza ukurasa wa zamani niliufungua kwa nini, barua pepe au simu. Kwa simu, nikamwambia, saiba, 2012, wakati huo sikuwa na barua pepe. Akauzungushia duara ule mstari wa `email` na kuuacha mtupu. Programu haikuwahi kupewa barua pepe yangu kwa sababu mtandao wenyewe haukuwa nayo. Ndiyo maana nywila haikuwa na pa kutumwa. Akaongeza kwamba kabla ya kufuta ningeingia kwenye mipangilio ya mtandao, sehemu ya Apps and websites, ningekuta orodha ya kila mahali nilipoingia kwa ukurasa ule, nikapita mahali pamoja baada ya pengine nikiweka barua pepe na nywila yangu mwenyewe. Kazi ya nusu saa.

Niliwaandikia wenye programu. Wakajibu siku ya tano, kwa upole, wakitaka barua pepe iliyo kwenye akaunti, au msimamizi mwingine wa kikundi athibitishe. Sikuwa na lolote kati ya hayo. Nililia, lakini hata wakati ule niliona wana haki. Wangemfungulia vitabu vya pesa za wanawake 16 kila anayepiga simu akisema ndiye mweka hazina?

Pesa zenyewe zilikuwa salama benki: shilingi 341,000. Tangu Jumapili ya tarehe 2 Januari hadi ya 20 Novemba ni wiki 47. Kama wote 16 wangetoa kila wiki tungekuwa na 376,000. Zilipungua 35,000, yaani michango 70 ambayo haikutolewa. Sabini za nani? Hilo ndilo lililokuwa limefungiwa ndani. Mgao ulikuwa Jumapili ya tarehe 11 Desemba, na hatuwezi kumpa aliyekosa wiki 15 sawa na ambaye hakukosa hata moja.

Wanawake 11, nami nikiwa mmoja wao, tulikuwa tunatoa kwa M-Pesa. Hao niliwapata wote. Niliomba taarifa ya miamala, nikakaa na kaunta buku usiku tatu nikihesabu: michango 489 kati ya 517 iliyotakiwa. Walikosa 28 kwa jumla, kila moja ikiwa na jina. Zikabaki 42 kwa wale watano waliokuwa wananipa pesa mkononi pale Soko la Wakulima.

Katibu ndiye aliyekumbuka kwamba mwezi wa Julai nilipiga picha ya ukurasa wa programu nikaiweka kwenye kundi letu la WhatsApp. Tukaitafuta hadi tukaipata, yenye wiki 30 za kwanza, hadi tarehe 24 Julai. Hapo watano hao walikuwa wamekosa 19. Zikabaki 23, katika wiki 17 ambazo hakuna aliyeziandika ila mimi, mahali nisipoweza kufika.

Tulikutana sebuleni kwa katibu. Nilisimama nikaeleza kila kitu, hata kufuta, hata msimamizi wa pili ambaye sikumweka. Hakuna aliyesema neno. Chai ikaanza kufanya utando. Kisha nikawaomba wale watano, mmoja mmoja, waseme wanachokumbuka. Watatu wa kwanza walikumbuka vizuri, mmoja kwa sababu mtoto alikuwa amelazwa, mwingine kwa sababu ya viazi kuozea kwenye lori wakati wa mvua. Zikatoka 14. Zikabaki tisa na wanawake wawili. Mama wa mitumba akasema yeye alikosa tatu. Mama wa vitunguu akasema mbili.

Nne zikabaki hewani. Shilingi 2,000.

Nilisema nitazilipa mimi, kosa ni langu, na nilikuwa tayari nimeshika pochi. Mama wa mitumba alikuwa anaangalia zulia. Nilimwona akihesabu kwa vidole chini ya leso, akirudia, midomo ikicheza. Mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti ya chini kwamba si pesa, ni ukweli. Nikahisi chumba kinagawanyika, miaka sita yetu ikichanika kwa sababu ya elfu mbili. Ndipo mama wa vitunguu akaweka kikombe chini.

"Niandikie mimi zote nne, dada. Andika tuendelee."

Nikamuuliza kama ana hakika. Akasema, "Andika." Mkono wangu ulikuwa unatetemeka hadi nikaandika nne mara mbili, ya pili juu ya ya kwanza. Tukagawana. Watu wakala, wakaimba, wakaenda nyumbani. Januari nilikabidhi kazi ya hazina, na sasa kuna kaunta buku na wasimamizi wawili kwenye programu, kila mmoja kwa barua pepe yake.

Sijui kama alizikosa kweli. Wakati mwingine nafikiri alikumbuka palepale. Wakati mwingine nafikiri alimwona mama wa mitumba na vile vidole. Na kuna usiku nafikiri ni mimi niliyepokea noti zake katikati ya soko, nikasahau kuziingiza, zikaingia benki na nyingine bila jina. Jibu liko mahali, kwenye faili la mtu mwenye namba yangu ya zamani, na hakuna wa kulifungua.

Binti yangu nilimrudishia simu kesho yake. Tulikaa pamoja tukaandika barua pepe yake, nywila yake, na namba ya simu ya babake kama ya akiba. Ilichukua dakika kumi, alinung'unika dakika zote kumi.

Vitunguu bado nanunua kwa yule mama. Kila nikilipa kilo moja huongeza viwili juu, na mimi huvipokea.