Mizani ilinisifu nilipougua malaria

Nilianza kupunguza tumbo nikiwa na kilo 79 na kiuno cha sentimita 95. Kimo changu ni sentimita 162, na ipo kanuni rahisi kwamba kiuno kisifike nusu ya kimo, kwa hiyo shabaha yangu ikawa chini ya 81. Kilo sikuziwekea shabaha yoyote. Mafuta yanayoizunguka ini na utumbo ndiyo yanayohusishwa zaidi na kisukari na presha, na mizani haiwezi kukuambia kilo zako zimekaa wapi.

Futi kamba nilinunua kwa wauza vifaa vya ushonaji. Ya kitambaa huvutika ikizeeka, kwa hiyo niliilaza juu ya rula ya shule kuhakikisha sentimita 30 zake ni 30 kweli. Halafu kuna suala la mahali pa kupima. Wengi hupima pale sketi inapokaa, na sketi hushuka na kupanda. Mimi natafuta kwa vidole ubavu wa mwisho upande wa kiunoni, kisha ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, napita katikati yake. Futi iwe sambamba na sakafu hata mgongoni (ndiyo maana nasimama mbele ya kioo), iguse ngozi bila kubonyeza, nami nasoma baada ya kutoa pumzi kawaida, bila kujibana tumbo. Narudia mara ya pili. Vipimo vikipishana zaidi ya sentimita moja, naanza upya.

Napima asubuhi, nimeshatoka chooni na sijanywa chai, siku chache baada ya hedhi kuisha. Hilo la hedhi wanawake tulizingatie, maana siku za kabla yake mwili huweza kushika maji, tumbo likajaa na kilo zikapanda, na hakuna mafuta yaliyoongezeka. Ukilinganisha wiki hiyo na wiki nyingine utajikatia tamaa bure.

Picha napiga siku hiyohiyo: mbele, ubavuni na nyuma, nguo ileile, simu juu ya meza ileile, mwanga wa dirisha lilelile. Taa ya juu huchora vivuli vinavyokupunguza au kukuongeza utakavyo, wanaouza dawa za kitambi wanalijua hilo vizuri. Picha ya ubavuni ndiyo iliyonisaidia zaidi; za mbele kwa muda mrefu sikuona tofauti yoyote.

Upande wa nguvu sikuwa na vyuma, nilikuwa na madumu. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo dumu la lita 10 ukilijaza nusu unajua umebeba kilo 5 na uzito kidogo wa dumu lenyewe. Nalikumbatia kifuani nachuchumaa mpaka mapaja yawe sambamba na sakafu, na naandika daftarini uzito na idadi. Pushapu nilianzia ukingo wa meza, nikashuka kwenye kitanda, kisha sakafuni. Wiki za kwanza idadi hupanda haraka kwa sababu mwili unajifunza mwendo, misuli yenyewe huchelewa, kwa hiyo sikuzihesabu sana. Na rekodi ya kuchuchumaa nusu si rekodi.

Kiuno kilipofika 91, mizani ilikuwa inasoma 78. Hapo ndipo nikaugua malaria. Nilipoinuka kitandani mizani ilisoma 74.5, na jirani yangu akanipokea mlangoni: “Mama Junior, umepungua! Diet gani hiyo?” Nikamwambia diet ya kutapika.

Kiuno kilikuwa 90. Dumu nililokuwa nachuchumaa nalo mara 12 lilinishinda baada ya mara 5, na kwenye picha mabega yalikuwa yamesinyaa lakini tumbo lilikuwa lilelile. Kilo tatu na nusu zimeondoka, kiuno kimesogea sentimita moja ambayo hata mkono kutetemeka unaweza kuileta, na nguvu zimeanguka. Kilichoondoka kilikuwa maji zaidi, pamoja na ile akiba ya wanga ambayo misuli huitunza ikiwa na maji yake, na huenda misuli kidogo. Mafuta hayayeyuki kwa kasi hiyo.

Basi nikala. Ugali, maharage, dagaa, mayai, na dumu nikaanza nalo likiwa nusu. Mizani ikapanda hadi 77 kwa haraka iliyomtia wasiwasi mume wangu, lakini kiuno kilibaki 90 na idadi ya kuchuchumaa ikarudi. Leo nina kilo 76.5 na kiuno cha 86, dumu limejaa hadi juu. Bado sentimita tano na kidogo. Mizani naipanda siku ya kupima tu, na namba yake naiandika mwisho, chini ya zile nyingine.