Mkondo E wote ulikataliwa: uzoefu wangu na mafaili ya maksi

Shule moja ya sekondari hapa Tanga mjini iliniomba niwatengenezee mfumo wa kukusanya maksi za mitihani ya ndani. Mwalimu wa somo anapakua faili la CSV lenye namba na majina ya wanafunzi, anajaza maksi kwenye Excel, kisha analipakia. Namba ni za shule yenyewe: kidato, mkondo, nafasi. 2A07 ni mwanafunzi wa saba wa kidato cha pili A.

Mikondo ya A hadi D ilipita. Mkondo E ulikataliwa wote, kila mstari ukisema namba haijulikani. Mwalimu wa Hisabati akanipigia simu: "Kijana, hiyo kolamu ya namba mimi hata sijaigusa." Na kweli hakuigusa. Nililifungua faili kwa Notepad, maana kulifungua kwa Excel ni kumuuliza mtuhumiwa, nikakuta namba zimekuwa hivi:

```
2.00E+07
2.00E+08
2.00E+09
```

Faili la CSV ni maandishi matupu; halina mahali pa kusema kolamu hii ni maneno na ile ni hesabu. Excel inakisia yenyewe kila faili linapofunguliwa, na kwake 2E07 ni 2 ikifuatwa na sifuri saba, yaani milioni 20. Mwalimu akilifungua na kulihifadhi tu, imetoka hivyo.

Ningeweza kuandika kanuni ya kurudisha 2.00E+07 kuwa 2E07 kimyakimya. Sikutaka. Mwalimu mwingine akipanua kolamu na kubadili mwonekano wake, faili litakuja na 20000000, na maksi za mtoto si kitu cha kubahatisha. Mfumo sasa unalinganisha jina lililo kwenye mstari huohuo na orodha ya darasa, unapendekeza namba, na mwalimu ndiye anayekubali. Dawa yenyewe ilikuwa kubadili namba ziwe F2E07, zianze na herufi. Mwalimu wa taaluma alikuwa amependekeza 2-07, lakini hiyo Excel inaigeuza tarehe.

Kazi iliyonila muda zaidi ni ujumbe wa makosa. Walimu wengi walikuwa wakisahihishia mafaili yao steshenari, Ngamiani, kwenye kompyuta ya kulipia. Mtu wa namna hiyo humwonyeshi kosa moja, asahihishe, apakie tena, ndipo umwonyeshe la pili. Unasoma faili zima, unakusanya makosa yote, unampa orodha moja. Na namba ya mstari lazima iwe ileile anayoiona pembeni mwa Excel, vichwa vya kolamu vikiwa mstari wa 1. Kwenye Python, `DictReader` huruka mistari isiyo na kitu kabisa, hivyo ukihesabu matokeo yake namba zinasogea. Nako `line_num` huhesabu mistari ya faili, kwa hiyo jina lililokatwa kwa Enter ndani ya kiboksi linahesabiwa mara mbili. Nikaishia hapa:

```python
with open(njia, newline="", encoding="utf-8-sig") as f:
    for n, mstari in enumerate(csv.reader(f), start=1):
        if n == 1 or not any(s.strip() for s in mstari):
            continue
        makosa += kagua(n, mstari)
```

Mstari mtupu unarukwa lakini umeshahesabiwa. Hiyo `utf-8-sig` inaondoa alama isiyoonekana ambayo Excel huiweka mwanzoni mwa faili ikihifadhi kwa UTF-8; bila hiyo, kichwa cha kolamu ya kwanza hakilingani na unachokitegemea, ingawa kwa macho ni kilekile.

Ujumbe nao unataja alichoandika mwenyewe: "Mstari wa 9, kolamu C: umeandika 7O. Mwishoni kuna herufi O, si sifuri." Kiboksi kitupu nacho ni kosa. Ukikisoma kama 0, mtoto aliyelazwa Bombo siku ya mtihani anapata F, kwa hiyo mwalimu aandike ABS. Kosa likijirudia darasa zima, kama lile la mkondo E, linatolewa mara moja na orodha ya mistari yake. Na likibaki hata kosa moja, hakihifadhiwi chochote. Walimu wawili walilalamika, lakini faili lililoingia nusu ni rahisi mno kudhaniwa limekwisha.

Lipo kosa ambalo ukaguzi huu hauligusi. Mwalimu akipanga kolamu ya maksi peke yake kuanzia kubwa kwenda ndogo, majina yakibaki palepale, kila mstari ni halali na karibu kila maksi ni ya mtu mwingine. Kwa hiyo kabla ya kuhifadhi, mfumo unamwonyesha mwalimu wanafunzi watano kutoka sehemu mbalimbali za orodha, na unamtaka alinganishe maksi zao na karatasi zilizosahihishwa.