Transista iliyoshiba ilivyonilia nusu ya biti

Nilikuwa na kihisi kinachotuma data ya mfululizo kwa mawimbi yaliyogeuzwa, nikayarudisha sawa kwa transista moja ya BC547: besi kupitia rezista ya kiloomu 4.7, kolekta ikipandishwa hadi volti 5 kwa kiloomu 1. Kwa kasi ya 115200 ilifanya kazi miezi mingi. Nilipopandisha hadi biti 1,000,000 kwa sekunde, zikaja herufi za ajabu tu.

Oskiloskopu ikanionyesha kisa. Ishara ya besi ilishuka, lakini kolekta ikabaki chini, bapa kabisa, kwa kama mikrosekunde 0.7, ndipo ikapanda. Ubapa huo ndio alama ya kutazama. Kama kolekta ingeanza kupanda mara moja lakini polepole, ningelaumu rezista yake na kapasitansi ya waya. Biti moja ni mikrosekunde 1, kwa hiyo biti ya juu ilibaki 0.3, na mpokeaji anayechungulia katikati ya biti alikuta bado iko chini.

Nikadhani besi inakosa nguvu, nikaweka kiloomu 1. Ubapa ukarefuka kidogo! Hata kwa kiloomu 4.7 besi ilikuwa ikipata karibu miliampia 0.9, ilhali kolekta yenye miliampia 5 ingetosheka na sehemu ndogo tu ya hizo. Ziada yote hurundikana kama chaji ndani ya besi, na transista haizimiki mpaka chaji hiyo itoke. Mlango wa kutokea ni rezista ileile, ikisukumwa na volti 0.7 tu.

Nikarudisha kiloomu 4.7 na kuiwekea kapasita ya pikofaradi 100 sambamba. Ishara inaposhuka, kapasita iliyojaa volti 4.3 hufyonza chaji ya besi kwa mkupuo. Ubapa ukatoweka karibu wote. Lakini kapasita nayo inahitaji muda wa kujaa tena, yapata mikrosekunde 0.5 kwa kila kipimo cha RC, na ukiiendesha kwa ishara ya volti 12 inaweza kuvuta besi chini ya kikomo cha volti 6 cha makutano ya besi na emita.

Nikajaribu dayodi, anodi kwenye besi, kathodi kwenye kolekta. Kwanza 1N4148, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa mezani. Haikusaidia kitu cha maana, maana inahitaji volti 0.7 na kufikia hapo transista imeshashiba. BAT85, ya Schottky, hufunguka karibu na volti 0.3: kolekta ikikaribia volti 0.4, mkondo wa ziada wa besi unapitia dayodi na kushuka kwenye kolekta, chaji hairundikani.

Nimebaki na BAT85. Kiwango cha chini sasa ni volti 0.4 badala ya 0.1, na mikrokontrola yangu, inayokubali hadi 0.8, haikulalamika.