Tumesaini makubaliano ya usimamizi

Leo mimi na daktari bingwa anayenisimamia tumesaini makubaliano ya usimamizi wa miezi sita ijayo hapa kitengo cha afya ya akili. Kwenye mpango wa kujifunza nilikuwa nimeandika: "Kuimarisha tathmini ya hatari ya kujiua." Akasoma, akavua miwani. "Daktari, nitajuaje kwamba umeimarika?"

Tukaliandika upya palepale. Ataketi pembeni nikimhoji mgonjwa, aone kama nauliza waziwazi kuhusu mawazo ya kujiua, mpango, na kama vidonge au sumu viko karibu naye nyumbani. Siku hiyohiyo tunapitia nilichoandika kwenye faili, maana wengi tunahoji vizuri halafu tunaandika "hana hatari" basi.

Saa ya usimamizi ni moja kila wiki, na raundi ya wodini haihesabiki (hili nililing'ang'ania).

Kilichotuchukua muda ni simu za usiku. Tulipitia mfano: kijana kameza vidonge, sasa katulia, anasema alikuwa anatania, na ndugu wanataka kuondoka naye. Nikiwa zamu, simruhusu kabla ya kumpigia bingwa, hata kama nina uhakika. Vivyo hivyo kabla ya kumlaza mtu bila ridhaa yake.

Nikisema mgonjwa fulani ananitia hofu au hasira, yanabaki kati yetu, isipokuwa usalama wa mgonjwa ukiguswa. Tathmini yangu ya kwanza ni mwezi wa tatu wa makubaliano haya, na anayeleta ushahidi ni mimi.