Geti pembeni: nilivyopata nafasi ya magari mawili kwenye ua wa mita 6

Kiwanja chetu cha Tabata kina mita 15 upande wa barabarani, na nyumba iliposimama ikabaki mita 6 tu kufika mpaka wa mbele. Hapo nilitaka yalale magari mawili, Noah yangu na IST ya mke wangu. Fundi wa ukuta akapendekeza geti katikati, gari moja lilale kushoto, jingine kulia, yote sambamba na ukuta. "Bosi, katikati ndiyo linapendeza," akasema.

Kwenye karatasi yanaenea kabisa. Shida ni kukata kona. Noah ikikunja usukani mpaka mwisho, inahitaji nusu duara ya takriban mita 11 upana kugeuka, na yenyewe ina urefu wa karibu mita 4.7. Kabla msingi haujachimbwa nikachora geti kwa chokaa, nikasimamisha tofali penye kila nguzo, nikaingiza gari. Pua ilifika barazani wakati mkia bado uko kwenye geti, na gurudumu la nyuma la ndani likapanda tofali. Gurudumu la nyuma halifuati njia ya la mbele, hukata ndani zaidi; ndiyo maana nguzo nyingi za mageti mtaani zimechubuka upande mmoja.

Tukahamishia geti pembeni, magari yakae yakitazama barabara, ubavu kwa ubavu. Sasa kona inakatwa nje, kwenye barabara yetu ya mita 6, na ndani ni kunyoosha tu. Gari la upande wa wazi nilitengea upana wa mita 2.5. Lile linalopakana na ukuta wa jirani nikalipa mita 3, kwa sababu ukutani mlango haufunguki na mtoto hashuki. Geti likawa mita 5. Upana huo si anasa: geti likiwa jembamba lazima gari linyooke kabisa kabla ya kuingia, kwa hiyo linadai barabara pana zaidi. Barabara ya mita 4 isingetutosha hata hivyo.

Milango miwili ya kufungukia ndani ingekula mita 2.5 kati ya zile 6, kwa hiyo geti ni la reli, linasukumwa kufuata ukuta uliobaki.

Tunaingia kinyumenyume. Magurudumu yanayokunja yakiwa nyuma ya mwendo, gari hujipenyeza kwa nafasi ndogo, na asubuhi unatoka unaona bodaboda na watoto wa shule.

Kilichohitaji ubishi na fundi ni kalavati la mtaro. Alilipima sawasawa na geti. Nilimwomba aongeze karibu mita moja kila upande, maana gari linapita pale likiwa bado limelala mshazari, na gurudumu la nyuma ndilo lingetumbukia.