Asilimia 2 inayoamua maisha ya jinzi
Ukichambua mitumba pale Sabasaba, Dodoma, geuza jinzi usome lebo ya ndani. Ikiwa ni pamba 98% na nyuzi za kuvutika za spandeksi 2%, itavutika kidogo na kupitisha hewa vizuri kwenye joto letu, lakini hiyo 2% ndiyo hufa kwanza. Huuawa na maji ya moto, jiki na pasi kali. Utaijua kwa magoti yaliyobenuka: vuta kitambaa hapo, kisha achia. Kikibaki kimelegea, iache hata kwa buku mbili. Iliyo nzima ifue kwa maji baridi, uigeuze ndani nje na kuianika kivulini. Pamba 100% huvumilia pasi zaidi, ila hubana ikitoka kufuliwa. Asilimia za lebo hupimwa kwa uzito wa nyuzi, hazikuambii unene. Unene wa kitambaa ushike mwenyewe kwa vidole.